Mfuko Usiokingwa

Nilikuwa karani katika ofisi za kaunti pale Kajiado, na kwa sababu hiyo wanawake wenzangu wa chama cha kuchanga pesa, huku Kitengela, waliniona msomi. Walinipa kazi ya kutunza hazina. Tulikuwa tunaweka akiba tununue ploti ya ardhi Isinya baada ya mwaka mmoja, na siku hizo shilingi ilikuwa inaporomoka kila wiki. Nikawashawishi tuingie kwenye mfuko wa uwekezaji unaonunua hisa za ng'ambo kwa dola.

Afisa wa mfuko alikuja mkutanoni na fomu yenye visanduku viwili.

"Hisa ni zilezile," alisema. "Ukichagua mfuko huu wa kwanza, umekingwa. Bei ya kubadilisha dola kuwa shilingi tunaifunga mapema kwa mikataba, kwa hivyo mtategemea zaidi vile hisa zenyewe zinafanya. Wa pili haujakingwa. Shilingi ikishuka, mnaongezewa. Ikipanda, mnapunguziwa."

Jirani yangu, mama mmoja mfugaji wa kuku, akainua mkono. "Na shilingi ikipanda je? Si ploti tutalipa na shilingi?"

Nilicheka, mbele ya watu wote. "Mama, wewe ushawahi kuona shilingi ikipanda?"

Wengine wakacheka pia. Yeye akashusha mkono, na mimi nikaweka alama kwenye kisanduku cha pili.

Miezi michache baadaye shilingi ilipanda, tena kwa kasi. Taarifa ya mfuko niliifungulia kazini, simu nimeificha chini ya meza. Kwa dola tulikuwa na faida. Kwa shilingi, hatukufikia hata zile tulizoweka. Katika mkutano uliofuata nikasema, "Soko la nje limeanguka." Ulikuwa uongo mtupu.

Jumapili moja baada ya ibada yule mama alinivuta kando. Binti yake alikuwa ameiomba taarifa ile kwa afisa wa mfuko, akamchapishia.

"Madam, mimi sijasoma sana. Lakini hapa inaonyesha hisa imepanda. Soko ilianguka wapi?"

Nilitazama karatasi. Nikamwambia ukweli.

"Basi waambie na wengine," alisema. "Mimi sitakuaibisha mbele yao."

Niliwaambia. Kwamba shilingi ingepanda, hakuna aliyejua, hata afisa. Lakini pesa ilikuwa ya mwaka mmoja, na matumizi yake ni ya shilingi. Swali la yule mama ndilo lililofaa kuamua, nami nililizima kwa kicheko. Halafu nikadanganya. Mmoja alikunja daftari lake polepole, na hilo likaniuma kuliko matusi.

Tulitoa pesa, tukanunua ploti ndogo, ndani kabisa, mbali na lami. Hazina akapewa mama wa kuku. Siku ya kuzungushia ploti ua walinituma kununua misumari, na nilishukuru kupata sababu ya kuondoka.