Orodha ya Mia kwa Mia

Nilirudi kazini wiki ya tatu baada ya kumzika mume wangu. Nyumba ya wageni ninayofanyia kazi iko mtaa wa Nguba, ina vyumba kumi na viwili, na mimi ndiye ninayesimamia vyumba na jikoni. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, ninapita mapokezi kutazama kwenye kompyuta kama kuna mgeni aliyeandika kuhusu chakula au kitanda cha ziada. Halafu anakuja bwana wa mapokezi, naye anaandika kwenye kitabu wale wanaoomba vyumba. Kompyuta ni moja, sanduku la barua ni moja, kiti ni kimoja.

Asubuhi ile ya kwanza niliangalia orodha ya barua na sikuweza kuisoma. Majina, tarehe, vichwa vya barua, vyote vilikuwa vimesagika kama unga wa muhogo. Nilisogeza kiti. Nilipangusa miwani kwa kanga. Nilifikiri nimelia mpaka nimeharibu macho, na sikutaka mtu ajue. Bwana wa mapokezi alinikuta pua yangu ikikaribia kugusa kioo.

"Maman, unanusa mesaji?" akasema. "Machozi imekula macho yako. Kaa kwako, umalize kulia."

Nilirudisha kichwa nyuma. Tangu zamani hakunipenda, na sasa alikuwa amepata sababu.

Jambo moja nilikuwa nalijua. Ukiisha kufungua barua, unashikilia kitufe cha Ctrl, unazungusha kigurudumu cha kipanya, maandishi ya barua yanakua. Mume wangu ndiye aliyenionyesha. Kwenye programu yetu yale yanayokua ni maneno ya ndani ya barua tu. Orodha inabaki vilevile, ndogo kama chawa. Basi nikafanya hivi: kila asubuhi nilifungua barua zote, moja baada ya nyingine, nikazikuza, nikasoma, nikachukua zangu za chakula na mashuka, zilizobaki nikamwachia yeye.

Nilijiona mwerevu.

Barua ambayo haijafunguliwa inaandikwa kwa wino mnene kwenye orodha. Ukiifungua, wino unakuwa mwembamba. Bwana wa mapokezi alikuwa anafuata wino mnene tu; mwembamba kwake ulikuwa kazi iliyokwisha. Mimi sikulijua hilo, kwa sababu kwa macho yangu mnene na mwembamba vilikuwa ukungu mmoja.

Ijumaa moja, kabla ya saa sita, familia ilifika kutoka Minova. Walikuwa wanne, pamoja na mzee wao aliyekuwa na miadi ya daktari Jumatatu. Mzee alikuwa amefungwa blanketi, akikohoa. Mtoto wake wa kiume alisema waliandika siku sita zilizopita, wakaomba vyumba viwili vya chini. Bwana wa mapokezi alifungua kitabu. Hakukuwa na jina lao. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa watu wa harusi.

"Papa, hamukuandika," akasema.

"Tuliandika! Angalia mu mashini yako!"

Aliangalia. Barua ilikuwepo, kwa wino mwembamba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mashuka mikononi. Alinigeukia mbele ya wote.

"Nani alifungua hii?"

"Ni mimi."

"Mumeona? Huyu maman anafichaka mesaji za batu! Alizika bwana yake, sasa anataka kutuzika na sisi!"

Mwana wa mzee hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema: "Maman, ulisoma kama baba yangu hawezi kupanda ngazi, na ukanyamaza?"

Nilikuwa nimesoma. Niliyakumbuka maneno yenyewe, "vyumba vya chini, tafadhali". Nilidhani bwana wa mapokezi atayaona. Walimbeba mzee wakaenda kutafuta kwingine, na mvua ilikuwa imeanza.

Jumamosi mama mwenye nyumba hiyo ya wageni alikuja. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mkali, haketi kabla hajasema alichokuja kusema.

"Nimeambiwa unaharibu kazi yangu," akaniambia. "Sema ukweli, ama ukusanye vitu vyako leo."

Nilikuwa sina mtu mwingine wa kuleta chakula nyumbani. Nikasema ukweli wote: kwamba sioni orodha, kwamba nafungua barua zote ili nizikuze, kwamba ile ya Minova niliisoma nikaiacha. Sikumtaja bwana wa mapokezi. Yeye alikuwa ameegemea ukuta, anatabasamu.

"Ni kosa ya macho yake, maman patrone. Mashini haina kosa."

Mama mwenye nyumba akakaa kwenye kile kiti. Akavaa miwani. Akaivua, akavaa nyingine. Akasogeza uso mbele, mbele zaidi, mpaka pua yake ikafika pale yangu ilipokuwa ikifika.

"Na hii munaisomaka namna gani?"

Bwana wa mapokezi akauacha ukuta, akasogea karibu.

Akafunga dirisha la barua, akabonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye kioo, akachagua maneno ya Kifaransa yanayohusu *affichage*, yaani mwonekano wa kioo. Pakatokea namba ya ukubwa wa maandishi: mia kwa mia. Akashusha, akachagua mia moja hamsini. Kila kitu kikavimba mara moja, alama, saa ya pembeni, maneno. Akafungua tena programu. Orodha ilikuwa pale. Niliisoma nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilisoma wino mnene, nikasoma mwembamba. Macho yangu yalikuwa yamechoka, hayakuwa yamekufa.

"Nyumbani kwangu niko mia moja sabini na tano," akasema. "Mbona hukuuliza?"

"Niliona haya, maman."

"Haya yako imemulaza muzee wa watu inje."

Hakunifukuza. Alinionyesha pia namna ya kurudisha wino mnene: kubonyeza barua kwa kitufe cha kulia na kuitia alama kama haijasomwa. Akaondoka bila kuaga.

Bwana wa mapokezi hakukubali. Jumatatu nilikuta kompyuta imerudi mia kwa mia. Nikaweka mia moja hamsini. Jumanne, mia kwa mia.

"Unanikatia orodha!" akafoka. "Nilikuwa naona mesaji ishirini, sasa naona kumi na mbili. Nenda ununue macho kwa soko!"

Hapo hakusema uongo. Maandishi yakikua, mistari inapungua. Tuligombana hivyo siku nane, mpaka mama mwenye nyumba akachoka na kuagiza kila mmoja atengenezewe mlango wake wa kuingilia kwenye kompyuta, jina lake na neno lake la siri. Ukubwa ninaouweka upande wangu haumgusi, na wake haunigusi. Tangu siku ile haniambii hata habari za asubuhi.

Mwezi uliofuata niliona mstari mnene kutoka kwa watu wa Minova. Chini ya kichwa, maneno ya mwanzo yalisomeka bila kufungua: *Baba yetu amefariki. Hatutafika tena kwenu.*

Ningeweza kuuacha mnene, auone bwana wa mapokezi, ajibu yeye. Nilipangusa miwani. Halafu nikaufungua, nikauona unakuwa mwembamba, nikaandika kwa vidole viwili: "Barua yenu ya kwanza niliifungua mimi. Niliisoma, sikumwambia mtu. Mimi pia nina msiba. Siwaombi chochote." Nikatia jina langu kamili.

Hawajajibu. Kila asubuhi natazama orodha, na naiona vizuri.