Alama ya Kutoa Niliyoipoteza Ubaoni

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema kwa sababu bila hasira hizo kisa hiki kisingetokea. Miaka yote niliyofundisha Hisabati ya Juu pale Kigoma mjini, wanafunzi walikuwa wakisikia viatu vyangu koridoni wanakaa kimya, nami nikajidanganya kwamba huo ndio usikivu.

Mwaka huo kidato cha tano kilipata binti kutoka Ilagala, aliyeripoti wiki tatu baada ya wenzake. Kwao ni wavuvi, watu wenye asili ya Kongo, na yeye alikaa kwa shangazi yake, mtaa wa Buzebazeba hapa mjini. Alikuwa anasoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini amechagua masomo hayo magumu, akanijibu kwa sauti ndogo kwamba injini ya boti ya baba yake huzimika ziwani kila mara na hakuna anayejua kwa nini, hivyo anataka kusomea uhandisi. Nikamwambia ajitahidi. Sikumwambia zaidi ya hapo, na hiyo ni aibu yangu nyingine.

Wiki ile tulikuwa kwenye mteremko wa mchoro, yaani kutafuta kasi ambayo kitu kinabadilika. Jumatatu nilikuwa nimewafundisha mteremko wa sin x kwa kuanzia mwanzo kabisa, kwa limiti, bila kutegemea jedwali la majibu. Tukapata cos x. Jumanne ikawa zamu ya cos x yenyewe. Niliingia nikiwa nimetoka kugombana na mtu ofisini kuhusu ratiba, kichwa kinachemka.

Nikaandika ubaoni: cos(x + h) toa cos x, yote gawanya kwa h, halafu h iende kwenye sifuri. Hadi hapo sawa. Kilichofuata ni kuifungua cos(x + h), na mkono wangu, ambao jana yake ulikuwa umezoea kuifungua sin(x + h), ukaandika alama ya kujumlisha katikati: cos x cos h + sin x sin h. Pale panatakiwa kutoa. Nikaendelea kwa mwendo wangu wa siku zote. (cos h − 1)/h inakwenda sifuri, sin h/h inakwenda moja maadamu pembe zimepimwa kwa rediani, kwa hiyo jibu ni sin x. Nikalichorea boksi. Nikawaambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, kwamba asiyeweza kufanya hesabu hii mwenyewe ifikapo Ijumaa akatafute masomo mengine. Kengele ikagonga, nikatoka.

Alhamisi mchana yule binti alikuja ofisini na fomu ya kubadili masomo. Alitaka kwenda Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alinisalimu shikamoo, akaiweka fomu mezani kwa mikono miwili na kusimama akitazama sakafu. Nilimuuliza kama amefikiri vizuri. Akasema ndiyo, hesabu ya Jumanne amejaribu na imemshinda. Nikatia sahihi. Sikumuuliza imemshinda wapi. Niseme kweli, nilipata nafuu kidogo, maana darasa lilikuwa kubwa na yeye alikuwa amechelewa.

Jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, nilikaa barazani kusahihisha madaftari. La kwake lilikuwa la kwanza juu ya rundo. Nikaona kurasa mbili zimekatwa kwa mistari mirefu, na baada yake kazi yangu ya ubaoni imenakiliwa kwa mwandiko safi, boksi na kila kitu. Huwa sisomi kilichokatwa. Siku hiyo nilisoma kwa sababu chini yake alikuwa ameandika: "Nimekosa mara mbili. Sijui wapi."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa ni limiti. cos(x + h) = cos x cos h − sin x sin h. Kisha cos x mara (cos h − 1)/h, kutoa sin x mara sin h/h. Kisha sifuri, kutoa sin x. Jibu: −sin x. Hakukuwa na kosa. Nilirudia mstari kwa mstari nikilitafuta, kwa sababu nilikuwa bado naliamini boksi langu.

Ukurasa wa pili ulininyong'onyeza. Alipoona jibu lake halifanani na la ubaoni, hakukata tamaa mara moja. Alijipima kwa njia nyingine. Aliandika kwamba cos x ni sin(x + π/2), mchoro uleule wa sin uliosogezwa kushoto kwa π/2, na kuusogeza mchoro hakubadili ukali wa miteremko yake, kunabadili tu mahali inapotokea. Mteremko wa sin ni cos, basi hapa ni cos(x + π/2). Akaifungua: cos x mara sifuri, kutoa sin x mara moja. −sin x tena. Kando yake alichora mchoro mdogo wa cos, ukianzia juu kabisa kwenye moja pale x ni sifuri, na kishale kinachoelekea chini. Mtu anayeshuka kutoka milimani Kalinzi kuja ziwani hawezi kusema anapanda. Mimi ndiye niliyesema.

Njia mbili zilimwambia yuko sawa, ubao ukamwambia amekosea, akauamini ubao. Nililia pale barazani, na si kwa uzuri wa hesabu.

Asubuhi niliwahi kwa mwalimu wa taaluma. Fomu ilikuwa bado mezani kwake, haijapelekwa kwa mkuu wa shule. Akanipa, lakini akanionya kwamba uamuzi wa kuiondoa si wangu, ni wa mwanafunzi. Hilo nilikuwa nalijua.

Kipindi kilipoanza, nilimwomba binti aje ubaoni aandike zile kurasa mbili alizozikata. Alidhani namwadhibu. Mwanzoni aliandika kwa herufi ndogo, ila alipofika kwenye sin h/h zikawa kubwa. Alipomaliza, nikawaambia wote kwamba hii ndiyo sahihi na ya Jumanne ilikuwa makosa yangu. Kisha nikauliza ni nani aliyeliona kosa siku ileile. Mikono ikapanda polepole, mmoja, miwili, hadi nikahesabu kumi na moja. Nikauliza kwa nini hakuna aliyesema. Mvulana mmoja wa mbele, kijana wa mjini asiyeogopa watu, ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, ulikuwa umekasirika."

Kumi na mmoja walijua, wakaandika jibu sahihi kimyakimya kwenye madaftari yao. Aliyeniamini mimi kuliko hesabu yake mwenyewe ndiye aliyekuwa anafungasha.

Baada ya kipindi nilimwita nje, nikampa fomu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia sahihi yangu iko pale na akitaka kuipeleka sitamzuia, lakini ningependa abaki. Aliisoma kuanzia juu hadi kwenye sahihi. Nilitegemea aseme asante, au alie, au aulize kama nina hakika anaweza.

"Mwalimu, siku nyingine nikiona umekosea, nikuambie?"

Nilitaka kumjibu kwamba inategemea, kwamba kuna namna ya kusema na wakati wa kusema. Nikasema ndiyo, mbele ya darasa, hapohapo, hata kama nimekasirika.

Ndipo alipoichana ile fomu.