Rangi ya Magunia kwenye Bolti za Hedi

Nimewasamehe watu wengi maishani, wakiwemo waliostahili kofi langu. Yule fundi wa Moshi mjini hayumo. Nalisema hili mapema ili nisije nikatafutiwa utakatifu ambao sina.

Miaka ile, kabla serikali haijavunja vyama vya ushirika, nilikuwa dereva wa chama chetu cha kahawa huko Masama. Chama kilikuwa na Landrova moja ya petroli, ya kijani, na usukani wake niliujua kuliko nilivyowajua shemeji zangu. Nilipeleka kahawa Moshi, nikarudi na mbolea na dawa za kupulizia, na Jumapili nilimpandisha mwenyekiti wetu kanisani kwa sababu magoti yake yalikuwa yamechoka. Mwenyekiti huyo alikuwa mwalimu mstaafu. Kila gari lilipotoka gereji alifungua daftari na kuniuliza maswali matatu, yale yale, kwa sauti ile ile ya darasani: Fundi alisema kweli kuhusu ugonjwa? Bei ya mwisho ilikuwa ile aliyotaja? Ugonjwa umerudi?

Msimu mmoja gari likaanza kuchemka. Kwenye barabara ya tambarare halikuwa na neno. Likianza kupanda na mzigo, gia ya pili, mshale wa joto unakwenda kwenye nyekundu na mvuke unatoka kwenye boneti. Nilikuwa nasimama, nasubiri lipoe, najaza maji, naendelea. Mwishowe nikalipeleka kwa fundi.

Gereji yake ilikuwa nyuma ya barabara kubwa, na yeye alikuwa fundi pekee niliyemwona akivaa koti jeupe lililobaki jeupe. Hakugusa kitu. Aliinama kidogo juu ya injini, mikono nyuma, akasema, "Gasketi ya hedi imeungua, na hedi yenyewe imepinda. Itafunguliwa, itapelekwa kwenye mashine isawazishwe. Shilingi mia mbili."

Siku ya kulichukua, karatasi ilisema mia tatu na themanini. Nilipouliza, akasema spea zimeadimika, na kwamba hata mimi nalijua hilo. Kweli spea zilikuwa zimeadimika. Tatizo ni kwamba zilikuwa zimeadimika hata siku alipotaja mia mbili. Akalizungusha gari mitaa miwili ya mjini, kwenye tambarare, akanirudishia ufunguo.

Jumapili iliyofuata lilichemka kwenye kilima cha kanisa, mwenyekiti akiwa kando yangu na nusu ya usharika ikipita kwa miguu. Akina mama waliobeba ndizi za mnada wa baada ya ibada walisimama kuniangalia nikipepea mvuke kwa kofia.

Jumatatu mwenyekiti na mweka hazina walishuka nami hadi gereji. Hapo ndipo fundi aliponichinja. Hakuniangalia. Aliongea na wazee wale kama mimi ni gurudumu la akiba.

"Shikamooni wazee wangu. Kazi yangu mimi ilikuwa safi. Lakini dereva wenu anaendesha injini ikiwa moto. Anaswaga gari kama anaswaga ng'ombe. Gasketi imeungua tena. Dereva wa namna hii atawamalizia hela."

Nilifungua mdomo, mweka hazina akaniambia ninyamaze. Kamati ikanikata robo ya mshahara kwa miezi mitatu. Nyumbani mke wangu akapunguza sukari. Mtaani wakaanza kuniita Mswaga Ng'ombe, na jina hilo watoto walilipenda sana. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi kovu langu lilikuwa bado lina usaha. Nililala nikimuwaza yule fundi, nikaamka nikimuwaza. Sijawahi kumfikiria mtu kiasi hicho, hata nilipokuwa nachumbia.

Gari lilitakiwa kubaki gereji kwa matengenezo ya pili Jumatatu ile ile. Nikawaomba wazee nilipeleke mwenyewe kesho yake, nikisema kuna mbolea ya kushusha kwanza. Walikubali. Usiku ule sikufanya lolote. Ilikuwa asubuhi, ghalani, nilipoona kopo la rangi nyeusi tuliyotumia kuandika alama ya chama kwenye magunia ya kahawa. Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, nikafuta bolti za hedi zile zinazoonekana nje, moja moja, zikang'aa. Kisha kwa kijiti nikachora mstari mwembamba juu ya kila bolti, ukivuka kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Hedi ni kifuniko cha injini; haitoki, wala gasketi iliyo chini yake haibadilishwi, bila kuzungusha bolti hizo. Na bolti ikizungushwa, mstari unakatika, haukutani tena. Nikasubiri rangi ikauke, nikapaka vumbi juu ili isionekane.

Safari hii alitaja mia na ishirini kwa gasketi mpya. Baada ya siku tatu karatasi ikaja na mia na tisini. Nililipa kwa hela ya chama nikitabasamu, na yeye akadhani nimekuwa na adabu. Nilipofika nje ya mji nikaegesha, nikafungua boneti, nikafuta vumbi kwa kidole. Mistari yote ilikuwa mizima. Hakuna bolti hata moja iliyoguswa. Nilicheka peke yangu barabarani hadi mwenye baiskeli akapunguza mwendo kuniangalia. Za mwizi ni arobaini, nikasema, na zako nimezihesabu mimi.

Nilikuwa na majibu mawili ya daftari. La tatu lilikuja lenyewe nilipoanza kupanda: mshale ukaenda kwenye nyekundu. Sijawahi kufurahia mvuke kama siku ile.

Lakini nilitaka kumzika kabisa. Nilitaka niwaambie wazee si tu kwamba amedanganya, bali ugonjwa wenyewe ulikuwa nini. Kwa hiyo nikageuza, nikashuka Bomang'ombe kwa mzee mmoja aliyechomelea masufuria na marejeta chini ya paa la bati. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alishika rejeta, chombo cha kupoza maji ya injini, likiwa bado na joto, akapapasa kwa kiganja.

"Juu pa moto, katikati pa baridi," alisema. "Maji hayapiti, mwanangu."

Akalitoa, akayeyusha risasi iliyoziba maungio, akafungua tangi la juu. Ndani ya vimirija kulikuwa na tope jeusi linaloteleza, na ndani ya tope vipande vyekundu vya maganda. Akachukua kidogo kwa ncha ya waya, akanusa, akaninyooshea.

"Hii si kutu. Hii ni kahawa. Maji mnachota wapi?"

Sisi wa huku juu mfereji wa asili tunauita mfongo, nao unapita kwenye vihamba vyetu vyote, mashamba yetu ya nyumbani. Msimu wa kahawa kila nyumba inakoboa kando ya mfongo, na maganda na ute vinakwenda na maji. Mimi kila gari lilipokuwa linapungukiwa, nilisimama mfongoni, nikazamisha kopo, nikamimina. Kila aliyepita aliniona. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu maji ya mfongo tuliyanywa utotoni na yalitukuza. Kadiri lilivyochemka nililijaza, na kadiri nilivyolijaza lilizidi kuziba.

"Mfongoni," nilisema.

Mzee akapitisha nyaya kwenye vimirija kimoja kimoja, akasukuma maji hadi yakatoka safi, akachomelea. Alitaja ishirini na tano, nikamlipa ishirini na tano. Nilimwomba yale maganda. Akaniwekea kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilipanda kilima chote bila mshale kutikisika, na njia nzima kopo lile lilinikodolea macho kutoka kwenye kiti.

Nilikusudia kulitupa. Nasema ukweli. Ningesema habari ya mistari, ningesema habari ya bei, na kuhusu ugonjwa ningesema rejeta lilikuwa chafu, basi.

Kamati ilikaa wiki ile kuchagua gereji ya mwaka, kwa Landrova na kwa lori tulilokuwa tumeahidiwa. Fundi alikuja na koti lake jeupe. Mwenyekiti akafungua daftari, akaniuliza swali la kwanza. Nikawatoa wote nje, nikafungua boneti, nikawaonyesha mistari. Mweka hazina akaweka miwani, akainama, akaguna. Tukarudi mezani, na kwa swali la pili nikatoa karatasi zote mbili. Swali la tatu nikasema umerudi, tena mara mbili.

Fundi alitoa jasho, lakini hakuwa mjinga. "Rangi hata yeye anaweza kuipaka leo asubuhi," alisema. "Wazee wangu, muulizeni: ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Kama hajui, anamhukumuje fundi?"

Niliona nyuso za wazee zikiyumba. Mmoja akaanza kunong'ona na mwenzake. Fundi akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni, akitabasamu. Ni tabasamu lile lililoniamulia. Nilikwenda garini, nikaleta kopo, nikalimimina mezani mbele yao.

"Ni maganda ya kahawa. Yalikuwa ndani ya rejeta. Fundi wa Bomang'ombe aliyatoa kwa saa mbili, na gari halijachemka tena. Niliyatia mimi mwenyewe, kwa maji ya mfongo."

Fundi akapiga makofi. "Mmesikia! Dereva ndiye aliyeharibu gari!"

"Tumesikia," mwenyekiti alisema. "Yeye aliyatia. Wewe ulilipwa mara mbili uyatafute, na hata kifuniko cha rejeta hukufungua. Kaa chini."

Akaandika polepole, akisoma kwa sauti: hakusema kweli, bei haikuwa aliyotaja, ugonjwa ulirudi. Fundi akaondoka kabla wino haujakauka, na koti lake lilishika grisi ya mlangoni. Doa lile naliona mpaka leo, na bado linanifurahisha.

Kisha mwenyekiti akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu juu.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema, na wazee wakamalizia kwa pamoja. "Dereva alisema kweli? Amesema, ingawa amechelewa. Hasara ni ile aliyokiri? Ni ile." Kalamu ikasimama. "Ugonjwa umerudi?"

Aliacha mstari ule mtupu, akafunga daftari. Nilipelekwa ghalani kubeba magunia msimu mzima, na usukani ukashikwa na mtu mwingine. Nilikubali. Ningelipa mara mbili ili nione tena lile doa.

Niliporudishiwa gari, nilinunua debe na nikawa nabeba maji ya bomba. Siku moja nikamwomba mwenyekiti ajaze jibu la tatu kwenye ukurasa wangu. Aliniuliza kama bado namchukia yule fundi. Nikasema ndiyo, tena sana.

"Basi tungoje," alisema, na mpaka anafariki hakuwahi kulijaza.