Pasi Juu ya Maneno ya Dada

Kazini walimpachika jina la Pasi, naye akalivaa kama cheo. Mswada wowote uliopita mezani kwake, pale kwenye nyumba ya uchapishaji, ulitoka umenyooka. Kumwambia neno? Thubutu! Ni mkuu wa wahariri peke yake aliyeweza.

Basi dada yake, fundi cherehani, akaugua ugonjwa usio na mchezo. Alikuwa na binti mmoja tu, na huyo alimfukuza mwenyewe siku alipojua ana mimba. Hawakusemezana tena. Sasa akakaa kwenye kompyuta ya Pasi, akagonga kidole kimoja kimoja, akaandika maisha yake yote ili binti asome, na mwishoni akamwomba radhi.

"Mdogo wangu, nirekebishie," alisema. "Ila anisikie mimi."

Pasi alimwonyesha mkuu wake. Yule mzee akasema pa kutia mkono papo: duka limefungwa kabla halijafunguliwa, na kaka wawili wamechanganywa mpaka hujui nani alimpiga nani. Hayo yanampoteza msomaji. Lakini ile "nasema hivi" ya dada, kurudia jambo mara mbili, kuiacha harusi katikati akaingia habari za vitambaa, hayo hayamdhuru mtu.

"Ukiyafuta yote, habari zitabaki," alisema. "Yeye hutampata."

Pasi akaguna. Afundishwe kazi leo? Akanyoosha kila kitu. Hata ile radhi, ambayo dada aliianza mara tatu na kila mara akakimbilia kueleza gauni la shule alilomshonea binti, aliigeuza sentensi moja safi. Akahifadhi juu ya nakala ile ile ya dada, ya dada ikafutika, kisha akamtumia binti. Dada hakuwa tena na nguvu za kusoma.

Binti akapiga simu.

"Mama mdogo, umeandika vizuri. Ahsante kwa kumwombea mama radhi. Lakini mama angeniomba mwenyewe."

Pasi akaapa kwamba ni maneno ya mama yake. Binti akacheka kicheko kibaya. Mama yangu, alisema, hajawahi kunyoosha jambo mara moja likaisha, leo aanzie kwangu?

Pasi akahaha kuirudisha nakala ya dada. Akabandika "nasema hivi" kila aya, akakosea maneno makusudi, tena maneno ambayo dada yake hakuwahi kuyakosea. Habari ya gauni hakuikumbuka, maana alipoifuta hata hakuisoma vizuri. Akaituma hivyo hivyo, jamani! Binti akajibu kwa ufupi: sasa unamwigiza mama, usinitafute tena.

Jioni ile dada akauliza kama mwanawe amesoma. Pasi akasema amesoma. Anakuja? Pasi, mwenye neno la kila mahali, akasema yuko njiani. Dada akaomba avalishwe nguo nzuri, na aketishwe kitandani auelekee mlango.

Pasi akamvalisha, akamkalisha.