Wenzangu Wamesema Yote

Mwaka ule mama alikuwa amepanda boti kwenda Kigoma kumlea dada yangu aliyejifungua, na dalili za kurudi sikuziona. Nikabaki na nyumba yetu ya mtaa wa Waswahili, hapa Rumonge, mimi na ukimya wake. Chuo nilikuwa nimemaliza. Asubuhi nilisalimiana na jirani juu ya ukuta, amahoro, amahoro, kisha mara nyingi sikufungua kinywa tena mpaka jua linazama. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye siku ya majaribio ya staji, mafunzo ya kazini, watu walidhani ninafurahia cheti. Mimi nilitaka pa kwenda asubuhi. Nilitaka meza yenye watu.

Shirika lenyewe lilishughulika na akina mama wanaoanika dagaa kandokando ya ziwa. Walituita kwenye ukumbi mmoja wa mjini, wakatugawa makundi. Kundi letu lilikuwa la watu sita. Kulikuwa na kijana wa Bujumbura, shati limenyooka, sauti imenyooka zaidi. Kulikuwa na kaka mmoja aliyezaliwa ng'ambo, Kivu Kusini, mkubwa kuliko sisi wote na mpole kupita kiasi. Waliosalia walikuwa wanafunzi wa kawaida, wenye hofu ya kawaida. Pembeni walikaa waangalizi wawili na kalamu zao. Mama mmoja kati yao ndiye aliyetueleza zoezi.

Shirika lina vichanja vya kuanikia vya kutosha mwalo mmoja tu, yaani ufuko mmoja wa wavuvi. Je, viende Muhuta, Gatete au Kigwena? Kila mmoja wetu alipewa karatasi yenye habari ambazo mwenzake hana. Kumwonyesha mwenzako karatasi ni marufuku. Unasema kwa mdomo. Mkubaliane ndani ya dakika arobaini. "Sisi hatutasema kitu," akamalizia yule mama, "hata mkipotea."

Karatasi yangu ilikuwa na sentensi moja ya maana: kiwanja kinachotolewa Kigwena kiko chini ya michikichi, na jua halikifikii mpaka mchana. Dagaa wa kiwanja cha namna hiyo huoza kabla ya kukauka. Mtoto wa pwani hii hahitaji kuelezwa.

Tukaanza, na adabu zetu zikatumeza. Kila aliyetaka kusema aliomba neno kwanza, akamshukuru aliyetangulia, akatushukuru sisi wengine kwa kumsikiliza, na dakika zikaliwa na shukrani. Kijana wa Bujumbura peke yake hakuomba kitu. "Gatete," alisema, "iko karibu na soko, barabara iko nzuri, tunatafuta nini ingine?" Kaka wa Kivu akasema kwa sauti ya chini kwamba kule Gatete maji yalipanda, yakala ule uwanja. Hakuna aliyegeuza shingo. Mazungumzo yakapita juu yake kama hakuwepo, naye akainamia mikono yake.

Nilimwona, na iliniuma. Nadhani aliye mpweke humjua mpweke mwenzake mapema. Nikaomba neno, bila shaka, nikasema: "Kaka huyu alisema jambo na hatukulijibu. Alisema maji yalikula uwanja wa Gatete. Kaka, tuelezee vizuri." Akaeleza, safari hii wote wakiwa kimya. Kijana wa Bujumbura akakuna kidevu, akakubali, na kwa kweli alikubali kwa uungwana. Niliona kalamu ya yule mama inakimbia. Nikajisikia mtu.

Muhuta haikupata mtetezi, na hapo ndipo kundi lilipohamia Kigwena.

Sasa, lazima mjue kwamba sisi sote tulikuwa tumepikwa chungu kimoja. Kila mtaa una mjuaji anayewafundisha vijana majaribio ya namna hii, na wajuaji wote wana shauri moja: mtafute aliye kimya, umwalike, waangalizi wanapenda. Mimi nilikuwa nimenyamaza, najipangia jinsi ya kusema habari ya michikichi bila kuonekana kazi yangu ni kubomoa kila kinachojengwa. Wenzangu wakaniona. Kijana wa Bujumbura ndiye wa kwanza: "Dada, na wewe? Tunataka tukusikie." Kisha msichana wa pembeni yangu. Kisha kaka wa Kivu mwenyewe, na yeye nadhani aliuliza kwa moyo safi.

Na kila mara mdomo wangu ulitoa kile ulicholelewa nacho: "Miye nakubaliana na benzangu. Bamesema yote."

Mtu wa nje atashangaa. Lakini kwetu, msibani, harusini, kwenye kikao cha ukoo, msichana akipewa neno hujibu hivyo, na watu wazima hutikisa kichwa kwa kuridhika kwamba amefunzwa. Ni kama kunawa mikono kabla ya kula, huwazi. Ninyi mnaosema kimya kingi kina mshindo mkuu, changu hakikuwa na mshindo wowote. Mara ya tatu nilikuwa tayari nimefungua kinywa kuitaja michikichi, nikaona nyuso zimechoka, mtu anatazama saa, na ile sentensi ya adabu ikatangulia. Tukaandika Kigwena kwenye ubao. Tukapigiana makofi.

Nilirudi nyumbani na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimekaa na watu siku nzima, nimekula nao, kaka wa Kivu amenishukuru mlangoni mpaka nikaona haya. Nikaweka maji ya chai ya kikombe kimoja, nikamsimulia mama kimoyomoyo, kwa sababu simu yake ilikuwa haipatikani.

Baada ya siku kadhaa wakanipigia. Alikuwa yule mama mwangalizi. Akasema wamekaa, wamelinganisha waliyoandika, na nafasi sikuipata. Kaka wa Kivu ameipata. Kwa kuwa niliomba maelezo, atanipa.

"Unasikiliza vizuri sana," alisema. "Neno lililopotea ulilirudisha, ukampa mwenyewe. Hilo wote wawili tuliliandika. Lakini karatasi yako wewe hatukuisikia. Walikuuliza mara tatu. Uliogopa?"

Nilitaka kusema ndiyo, yaishe. Hofu inaeleweka. Badala yake nikasikia sauti yangu, kavu, ya mtu asiyeitumia: "Hapana, mama. Nimezoea kuyamaliza maneno peke yangu. Huku nyumbani hakuna mtu. Nikishawaza jambo, naona kama nimeshalisema."

 

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nilimwambia habari ya dada na mtoto wake ambaye sijamwona, habari ya jirani wa ukutani, habari ya kula wima kwa sababu kuandaa mkeka wa mtu mmoja kunanitia uchungu. Sikuomba neno. Sikumshukuru aliyetangulia. Nilimwambia niliwataka wale watu kuliko hiyo staji yenyewe, na ndiyo maana sikutaka kuwaudhi, na kwamba sasa sina staji wala watu. Yeye hakunikatiza hata mara moja. Ndiyo kazi yake, na aliijua.

Nilipoishiwa, alivuta pumzi. Akanishukuru, murakoze, akasema nitunze afya yangu, na kwamba ana wengine wa kuwapigia.