Kitabu cha Juu, Mezani Majengo

Niliondoka Rutshuru kwa sababu ya insha iliyokataliwa. Padri anayenifundisha teolojia aliirudisha akisema, "Wayahudi umewapa Mungu wa sheria, Waislamu Mungu wa nguvu, sisi tukabakia na upendo wote! Uende Goma kwa Mama Zaina, Mwislamu muuza vitenge, uulize wenyewe. Bila hii, diploma hakuna." Nilinuna. Mimi mwalimu, miaka yote ya kujinyima kwa masomo, halafu nikasahihishwe na muuza vitenge!

Asubuhi nilipanda pikipiki. Njiani, baridi ya Kibumba ilinipenya hadi mifupani, na hasira nayo ikapoa.

Goma, katika mtaa wa Majengo, alinipokea Mama Zaina, ambaye babu yake alitoka Maniema, kwenye Waislamu wengi. Huuza vitenge, na jioni husomesha watoto madrasa. Ili chai ipate nafasi, niliweka Biblia yangu juu ya Msahafu wake. Alikwenda kutawadha, akarudi, akauhamisha Msahafu ukakaa juu ya Biblia. Nilihisi nimetukanwa.

"Usikasirike, mwalimu. Kurani haikaake chini ya kitabu kingine. Ni maneno ya Mungu mwenyewe, hayakuumbwa. Kwenu Neno la Mungu ni nani?"

"Ni Yesu."

"Basi sababu gani umelinganisha kitabu na kitabu?"

Nilishangaa kwa furaha. Ufunuo ambao Wakristo wanauona katika Kristo, Neno wa milele aliyefanyika mtu, Waislamu wanauona katika Kurani iliyoteremshwa. Wayahudi wanao Torati ya Sinai, iliyopewa taifa zima kwa agano, na hawaisomi bila mafafanuzi waliyorithishana walimu wao.

Akamimina chai kwa Bismillahi, jina la Mwingi wa Rehema. Nikakumbuka kwamba katika Torati pia Mungu anajitangaza kwa Musa kuwa mwenye huruma, si mwepesi wa hasira. Mgawanyo wa insha yangu ukaanguka palepale.

Kuhusu umoja tulibishana hadi chai ikapoa. Nilimweleza kwamba baadhi ya walimu wa Kiyahudi huona salama zaidi kusema Mungu si nini, wasije wakaugawa umoja wake kwa wingi wa sifa.

"Sisi tunasemaka ana elimu, uwezo, uhai, maneno," alisema. "Sifa mingi, dhati moja, yeye mwenyewe hagawanyike. Na Mwana wenu, ni sifa?"

Ningesema ndiyo, angefurahi. "Hapana, mama. Baba, Mwana na Roho ni nafsi tatu, Mungu mmoja."

"Basi hapo tunaachana," alisema, akaniongezea sukari. Nilimpenda sana mama huyu.

Niliporudi Rutshuru niliandika upya yote. Padri alisoma, akaniuliza, "Mama Zaina akisoma hii, atajitambua?"

Nikamtumia Mama Zaina insha kwa simu. Nilingoja jibu lake kwa hofu kubwa kuliko nilivyongoja diploma. Likaja: "Ya kwetu iko sawa. Ya kwenu ningali naikatala, mwalimu, lakini sasa najua nakatala nini."

Padri alilisoma mara mbili, akatia sahihi kwenye insha.