Bakuli la Vionjo

Nilikuwa muuguzi kijana kutoka nyanda za juu nilipohamishiwa hospitali ya Garissa, wakati wa vita vya Wasomali wa Kenya waliotaka kujitenga. Kisomali sikukijua. Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote ni mama mmoja mpishi, mwenye hoteli ndogo karibu na soko la mifugo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Binti yake, msichana wa miaka ishirini hivi, alimdunga sindano ya insulini kila asubuhi nyumbani, na chupa ya dawa waliizika kwenye mchanga uliolowa maji chini ya mtungi.

Kila Jumatatu mama alikuja hospitalini na mkojo wake. Niliuchemsha pamoja na dawa ya buluu, na kila Jumatatu buluu ile iligeuka rangi ya tofali, maana yake sukari imejaa.

"Mama, ulikula nini jana?"

"Chapati moja ya anjera asubuhi. Wali kidogo mchana. Usiku maziwa. Wallahi, sista, ni hivyo tu."

Daktari alisema anadanganya. Mimi sikuamini, kwa sababu aliapa akinitazama machoni. Siku yangu ya mapumziko nikaenda kukaa jikoni kwake.

Nikaona. Alichota wali kwa mwiko, akaupuliza, akauonja. Chai ya maziwa ilipochemka alionja sukari yake, akaongeza, akaonja tena. Sambusa iliyopasuka kwenye mafuta hakuitupa, aliitia mdomoni. Wateja walipoondoka, tambi zilizobaki sahanini alizimaliza akiwa amesimama, huku mkono mwingine unafuta meza. Chakula, kwake, kilikuwa kile anachokula akiwa ameketi.

Sikumgombeza. Nilimpa bakuli na kikombe cha bati. "Kesho, kila ukionja, weka kiasi hichohicho humu. Cha kunywa, kwenye kikombe."

Kesho yake jioni alikaa mbele ya bakuli lililojaa hadi ukingoni, na kikombe cha chai tamu kando yake. Alivitazama, kisha akajifunika uso kwa shashi yake ya kichwani.

"Hii yote mimi nimekula?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nimekudanganya na mimi sijui."

Tangu siku ile alihesabu. Hakuacha kuonja, maana mpishi asiyeonja hapiki, lakini chai aliionja kwa ncha ya kijiko, na mengine binti aliyaandika kwenye daftari: wali, vijiko vitatu, sambusa, nusu. Mchana alipunguza wali wa sahani kwa kadiri ya vionjo. Kwa hesabu hiyo ya kweli daktari alipanga upya kipimo cha sindano, akakiongeza kidogo. Baada ya wiki chache ile dawa ya kupimia mkojo ilibaki buluu. Mama alipiga makofi kama msichana mle chumba cha vipimo. Aliniletea nyama ya ngamia iliyokaushwa, ikielea kwenye samli.

Kisha lori la vyakula likashambuliwa barabarani. Askari walifunga mji wakawa wanasaka nyumba kwa nyumba. Kwa siku tatu hakuna aliyeruhusiwa kutoka, mchana wala usiku. Hoteli ilifungwa. Hospitalini tulishinda tukishona majeraha, na sikumkumbuka yule mama hata mara moja.

Siku ya nne binti alikuja peke yake, daftari mkononi.

"Mama alikufa jana usiku."

Alinisimulia akiwa amesimama. Nyumbani chakula kilikuwa kidogo, lakini mama alikula anjera yake na wali wake uliopunguzwa, kama alivyopangiwa. Sindano alidungwa kama kawaida. Kilichokosekana ni vionjo tu, kwa kuwa hakukuwa na kupika. Siku ya tatu, alasiri, alianza kutetemeka, akaloa jasho, maneno yakachanganyika. Binti alidhani ni malaria. Akamchemshia chai ya sukari ampe nguvu.

"Alikataa, sista. Alisukuma kikombe. Alisema, 'Sukari hapana. Sista atajua.'"

Binti alitoka kuita msaada, askari wakamrudisha ndani kwa bunduki.

Kikombe kile kingemwokoa. Dawa ilikuwa imepimwa kwa mwili unaoonja kutwa nzima. Vionjo vilipokwisha, ilimaliza sukari yote ya damu. Niliwahi kumwambia kwamba akitetemeka alambe sukari, lakini nilimwambia mara moja, kwa haraka, kwa Kiswahili ambacho alikielewa nusu. Kuhusu kukatazwa sukari nilimwambia kila Jumatatu.

Nilimweleza binti ukweli wote. Nilidhani atanipiga. Aliketi chini ya ukuta wa hospitali, akalia bila sauti, nami nikaketi karibu yake hadi nilipoitwa wodini.

Nilibaki Garissa miaka miwili zaidi. Nilijifunza Kisomali cha kutosha kusema, "Ukitetemeka, kunywa sukari," na mgonjwa hakuondoka kabla hajanirudishia maneno hayo kwa kinywa chake. Binti hakufungua tena hoteli. Alikwenda kwa wajomba zake upande wa Diff, karibu na mpaka wa Somalia, na sikumwona tena.